Fotovoisi, mchoro, ramani ya mwili au mahojiano kwa picha: ipi ikufae kwa utafiti na vijana?

Ukisoma mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili wanaotaka kufanya kazi na vijana, utakuta wengi wameandika "fotovoisi" kwenye sura ya mbinu, yaani mbinu ambayo washiriki hupiga picha za maisha yao, huzijadili kwa kundi, kisha huzionyesha kwa viongozi. Ukishuka hadi kwenye utaratibu wa kukusanya data, unakuta kitu kingine: vijana watapewa simu wapige picha, mtafiti atakaa na kila mmoja amhoji, kisha atanukuu na kuchambua. Hayo ni mahojiano kwa picha. Ni mbinu nzuri yenye historia yake, na mara nyingi ndiyo iliyomfaa mwanafunzi huyo tangu mwanzo, ila ameipa jina la nyingine, na siku ya kutetea tasnifu mtahini atamuuliza maonyesho yalifanyika wapi na nani alikuja.

Hapa nalinganisha mbinu nne ambazo mtu mmoja mwenye bajeti ndogo anaweza kuzimudu: fotovoisi, mahojiano kwa picha, mchoro, na ramani ya mwili. Kabla ya kuzipima huwa nauliza mambo mawili tu. Kwanza, jambo unalolitafuta linapigika picha? Pili, picha zikishapatikana, yupo mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kitu atakayekuja kuziona? Ukijibu hayo kwa ukweli, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika.

Fotovoisi inadai zaidi ya kamera

Mbinu hii waliianzisha Caroline Wang na Mary Ann Burris mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China. Makala yao ya mwaka 1997 ndiyo inayonukuliwa zaidi. Waliegemea mawazo ya Paulo Freire kuhusu elimu inayomfanya mnyonge aitazame hali yake na kuihoji, wakachanganya na nadharia ya ufeministi na utamaduni wa picha za maisha halisi. Malengo waliyoyaweka ni matatu: watu warekodi nguvu na shida za jamii yao, wajadiliane kwa kutumia picha hizo, na ujumbe uwafikie watunga sera.

Lengo la tatu ndilo linalorukwa. Katika utaratibu wa Wang, kazi ya kutafuta viongozi watakaosikiliza inaanza mapema kabisa, hata kabla ya kuandikisha washiriki. Ina mantiki yake. Ukimwambia kijana wa miaka kumi na sita kwamba picha zake zitabadilisha kitu, halafu mwisho wa siku picha zikaishia kwenye kiambatisho cha tasnifu, umemdanganya, hata kama fomu yako ya ridhaa ilipita kamati ya maadili bila doa.

Majadiliano yenyewe huongozwa na maswali matano. Unaona nini hapa? Nini hasa kinaendelea? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tufanye nini? Kwenye karatasi yanapendeza. Ukiyauliza kwa mpangilio huo kwa kila picha mbele ya wanafunzi wa sekondari, yanageuka mtihani. Utajua mambo yameharibika pale jibu la "kwa nini" linapofanana na insha ya Uraia: "kutokana na umaskini na ukosefu wa elimu", na jibu la "tufanye nini" linapokuwa "serikali itoe elimu kwa jamii". Hapo achana na orodha. Muulize kijana alisimama wapi alipopiga ile picha, saa ngapi, alikuwa na nani, na kuna nini pembeni ambacho hakikuingia kwenye fremu. Swali la "kwa nini" litajileta lenyewe, likiwa na nyama.

Mfano ninaoupenda wa mahali ambapo fotovoisi ilikaa sawasawa unatoka Eswatini, wakati huo Swaziland, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanafunzi walipewa kamera na kuombwa wapige maeneo ya shule wanayojiona salama na wasiyojiona salama. Wasichana wakaleta picha za vyoo: vichafu, visivyo na faragha, vilivyojitenga. Claudia Mitchell, mtafiti wa elimu anayejulikana sana katika mbinu hizi, amezirejelea picha hizo mara nyingi katika maandishi yake. Tazama kwa nini zilifaa. Choo kipo, hakikimbii. Hakina uso wa mtu. Na kero yake ina mwenyewe: shule yenye mwalimu mkuu na wizara inayojenga majengo.

Mfano wa kupangia: njia ya kwenda shule

Tuseme unataka kujua usalama wa wanafunzi wa shule ya kutwa jijini Dar es Salaam wanapokwenda na kurudi. Umechukua vijana 16 wenye umri wa miaka 15 hadi 17, umewagawa makundi mawili ya wanane, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo kituoni makonda huwabania mlangoni. Wanaochelewa hupewa lifti na boda boda, na lifti nyingine zina bei inayodaiwa baadaye. Kuna vichochoro, kuna mabonde yanayojaa maji masika.

Hapo hapo unaona mgawanyiko. Mlango wa daladala unapigika picha. Bonde linapigika. Kituo saa kumi na mbili asubuhi, giza halijaisha na watu wamejaa, kinapigika. Lifti ya boda boda yenye masharti haipigiki, na kijana atakayejaribu kuipiga anaweza kuumizwa. Ukitegemea kamera peke yake, ripoti yako itajaa barabara mbovu na makonda, kisha utaandika kwamba vijana "walibainisha miundombinu kuwa changamoto kuu". Ni kamera iliyoibainisha, kwa sababu miundombinu ndiyo inayokaa tuli ikapigwa.

Kwa hiyo katika mfano huu mimi nisingeanza na kamera. Ningeanza na karatasi ya kaki sakafuni na kalamu za rangi, kila kundi lichore njia kutoka nyumbani hadi shule na kuweka alama mahali pa raha na mahali pa hofu. Kipindi hicho cha saa moja na nusu hivi kinakupa kitu ambacho kamati ya maadili itakuuliza: unajua unawatuma watoto wa watu wapi? Kama ramani inaonyesha kijiwe cha bangi nyuma ya kituo, utawaambia mapema kwamba pale hapapigwi picha, hata kutoka mbali.

Ndipo zifuate kamera. Kikao kimoja cha mafunzo, ambacho nusu yake ni mazoezi ya kupiga bila kuonyesha nyuso: miguu, vivuli, mikono, mizigo, mahali patupu. Kisha siku saba za kupiga. Zamani kamera za kutupa zilikuwa na filamu ya picha 27 tu na zilimlazimisha mtu afikiri kabla ya kubonyeza. Simu haina breki hiyo, kwa hiyo weka kikomo, tuseme picha 20 kwa kila mmoja. Vijana 16 watakuletea picha 320. Huwezi kujadili zote. Kila mmoja achague mbili. Ukitenga dakika kumi kwa picha, kundi la wanane linakula dakika 160, karibu saa tatu, na hakuna kijana atakayekaa saa tatu baada ya masomo. Gawanya vikao viwili kwa kila kundi.

Hesabu ya baadaye watu huisahau. Makundi mawili yanakupa zaidi ya saa tano za sauti. Kunukuu saa moja ya mazungumzo ya kundi, vijana wakiongea kwa pamoja na kucheka katikati, kunachukua saa tano hadi sita kwa mtu aliyezoea. Hiyo ni kama wiki nzima ya kazi kabla hujasimba neno moja, na kama chuo chako kinataka tasnifu kwa Kiingereza, bado kuna kutafsiri.

Katika vikao hivyo kuna swali moja ambalo lisikose: picha gani ulitaka kupiga ukashindwa, au ukaogopa? Watafiti waliofanya kazi na watu wasio na makazi jijini London walionyesha kwamba picha isiyopigwa ina habari kama iliyopigwa. Ila katika kundi usitegemee jibu kamili. Msichana atasema "kuna mambo mengine" na wenzake watatazama chini. Hapo ndipo unapohitaji mbinu ya pili, ya faragha.

Mchoro: wa bei rahisi, na mgumu kusoma

Mchoro unafika mahali ambapo kamera haifiki: jambo la zamani, la baadaye, la kichwani, au la mtu ambaye huwezi kumwelekezea simu. Kuna namna yake inayojulikana kama "chora na uandike", iliyosambaa Uingereza katika elimu ya afya shuleni miaka ya 1980: mtoto anachora, kisha anaandika sentensi chache kueleza alichochora. Katika wilaya ya Bondo, magharibi mwa Kenya, Morten Skovdal na wenzake waliitumia pamoja na picha kwa watoto waliokuwa wakiwauguza wazazi na kuwatunza mabibi zao. Matokeo yaliwaonyesha watoto hao wakilima, wakitafuta kipato, wakijenga urafiki wa kusaidiana, jambo ambalo dodoso la kupima mahangaiko lisingelitafuta kabisa.

Taabu ya mchoro kwa vijana ni umri. Mtoto wa miaka tisa ukimpa krayoni anaanza kazi. Wa miaka kumi na sita anakwambia "mimi sijui kuchora" na anakunja mikono, maana ameshajua mchoro mzuri ni upi na wake haufiki. Usimbembeleze. Chora wewe kwanza ubaoni, watu wa vijiti, vibaya kabisa, waone. Au wape magazeti ya zamani na gundi wakate na kubandika. Au waombe wachore maisha kama mto, penye maporomoko, vijito vinavyoingia na mahali palipokauka. Mstari mmoja unatosha na hakuna anayehukumiwa kwa ustadi.

Ukifanyia darasani kuna tatizo jingine: madawati yanawarudisha kwenye hali ya mtihani. Michoro inaanza kufanana, nyumba ya pembetatu, bendera, mlima, jua kwenye kona. Ukiona michoro sita kati ya minane ina jua kwenye kona ileile, unatazama somo la Sanaa la darasa la tatu, si maisha yao. Watoe nje, wakae mbalimbali, na mwalimu asiwepo.

Halafu kuna kosa la mtafiti mwenyewe, la kusoma mchoro kama mganga anavyosoma kibuyu. Mtoto ametumia rangi nyeusi, basi ana majonzi. Huenda krayoni nyeusi ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye boksi. Mchoro bila maneno ya aliyeuchora si data ya kutegemea, ni karatasi. Kaa naye, muulize aanzie wapi kuusimulia, na andika maneno yake kwenye karatasi tofauti yenye namba ya mchoro. Katika mfano wetu wa njia ya shule, mchoro wa faragha ndio ungeleta lifti ya boda boda: msichana anachora pikipiki na watu wawili wa vijiti, bila jina, bila namba ya usajili, na anaeleza kadiri anavyotaka. Akikwambia tu "huyu ni rafiki yangu", mwache awe rafiki yake.

Ramani ya mwili: kwa mambo yanayokaa mwilini

Hii inatumia umbo la mwili wa mshiriki lenye ukubwa wake halisi, lililochorwa kwenye karatasi kubwa, ambalo analijaza rangi, alama na maneno. Umbo tunalolijua zaidi leo lilitokana na kazi ya msanii Jane Solomon mwaka 2002 na kundi la wanawake la Bambanani huko Khayelitsha, Cape Town, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi wakati dawa za kufubaza zilikuwa bado ngumu kupatikana Afrika Kusini. Walichora virusi, makovu, watoto wao, nguvu zao, na wakasimulia.

Kwa vijana inafaa pale swali lako linahusu mwili wenyewe: hedhi, ujauzito wa mapema, kisukari, selimundu, majeraha ya kazi machimboni. Kijana mwenye selimundu anaweza kukuonyesha maumivu yanaanzia wapi na yanapita wapi, pamoja na kile anachokificha shuleni, kwa namna ambayo hakuna kamera wala swali la mdomo lingeitoa.

Ina gharama zake. Kumchora mtu kunataka alale chini na mwingine apitishe kalamu pembeni ya mwili wake. Kwa msichana aliyewahi kufanyiwa ukatili, kulala chali huku mtu amemwinamia ni jambo zito, na wewe hujui nani kati yao amepitia hayo. Toa njia mbadala kwa wote bila kuuliza sababu: asimame ukutani, achorwe na rafiki aliyemchagua, au atumie umbo lililochapwa tayari kwenye karatasi ya A3. Uwe pia na mtu wa kuongea naye baadaye aliyekubali mapema kwa jina, si "rufaa itatolewa inapohitajika". Afisa ustawi wa jamii wa kata au mshauri wa kituo cha afya ajue siku na saa.

Na karatasi yenyewe inakwenda wapi? Ina urefu wa mtu. Ukisema ni mali yake aende nayo nyumbani, ataificha wapi katika chumba cha watu wanne, nayo imeandikwa dawa anazokunywa? Mara nyingi suluhisho ni kupiga picha ramani, kuikunja asili, na kumwachia mwenyewe uamuzi wa kuichana mbele yako, kuiacha kwako kwa muda uliotajwa, au kuichukua.

Mahojiano kwa picha: yule anayesahaulika

Mwaka 1957 John Collier alieleza majaribio ya kulinganisha mahojiano ya kawaida na mahojiano yenye picha mezani, katika utafiti wa afya ya akili kwenye majimbo ya mashariki ya Kanada. Yale ya picha yalizaa mazungumzo mahususi zaidi, na watu hawakuchoka upesi. Ni zaidi ya miaka 60 na maelezo hayo bado yanasimama. Picha inawapa macho ya wote wawili pa kukaa. Kijana anayeona haya kumtazama mtu mzima usoni anaitazama picha na kuongea nayo.

Picha zinaweza kuwa zako au zake. Zikiwa zako, kumi hadi kumi na tano zinatosha, zimechapwa, na weka kati yake mbili tatu ambazo hujui zinahusianaje na mada. Udhaifu wake upo wazi: umeshachagua cha kuonwa. Kwa hiyo anza kwa kumwomba atoe zile zisizohusika na azitaje zinazokosekana. Kinachokosekana ndicho kitakachokurekebisha. Zikiwa zake, unapata sehemu kubwa ya faida ya fotovoisi bila kundi na bila maonyesho, na faragha inabaki. Kwa tasnifu ya uzamili yenye miezi sita ya uwandani, hii ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi kuliko zote.

Video shirikishi, inayofuatiliwa mwanzo wake hadi kisiwa cha Fogo, Kanada, mwaka 1967, nimeiacha makusudi. Uso na sauti havifichiki kirahisi, uhariri unakula wiki, na mara nyingi anayeshika kompyuta wakati wa kuhariri ni mtafiti, si kijana. Iache mpaka uwe na timu.

| | Inafaa zaidi | Faragha ya mshiriki | Inachokudai |
|---|---|---|---|
| Fotovoisi | Kero inayoonekana, yenye mwenye kuitatua | Ndogo, ni kazi ya kundi na hadhara | Viongozi, vikao vingi, maonyesho |
| Mahojiano kwa picha | Maisha ya kila siku, mtazamo wa mtu mmoja | Nzuri | Muda wa kumhoji kila mmoja |
| Mchoro | Yaliyopita, yasiyopigika picha | Nzuri, ukifanyika mmoja mmoja | Subira na maelezo ya mchoraji |
| Ramani ya mwili | Ugonjwa, maumivu, mwili unaobadilika | Wastani. Karatasi ni kubwa | Nafasi, mshauri, saa tatu au zaidi |

Ridhaa ya picha si ridhaa ya kawaida

Wang na Yanique Redwood-Jones waliandika mwaka 2001 kuhusu maadili ya fotovoisi kutokana na mradi wa Flint, Michigan, na hatari walizozitaja bado ndizo zinazotokea: kuingilia mahali pa faragha, kufichua jambo la aibu, kumwonyesha mtu kwa sura isiyo ya kweli, na kutumia picha yake kwa faida. Ya tatu ndiyo inayopita kimyakimya. Kijana amempiga mama anayeuza vitumbua pembeni ya barabara ili kuonyesha barabara ni finyu. Kwenye maonyesho picha imebandikwa chini ya kichwa "Hatari njiani". Mama yule sasa ndiye hatari.

Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na ukubali wa kijana mwenyewe. Hiyo ni ya kushiriki. Kwa picha kuna ridhaa nyingine mbili: ya anayepigwa, na ya kijana kwa kila picha itakayotumika hadharani, inayotolewa baada ya kuiona na kuijadili, si siku ya kwanza. Kumwambia mwanafunzi wa kidato cha pili amkabidhi dereva wa daladala fomu asaini ni ndoto, kwa hiyo kanuni ya "hakuna nyuso" inaokoa kazi nzima. Ila usiamini kwamba kufifisha uso kunamficha mtu. Mtaani watu wanatambuana kwa kanga, kwa viatu, kwa ukuta wa nyumba, kwa nembo ya sare. Mpe picha mtu wa eneo lile, asiye mshiriki lakini aliyekubali kutunza siri, umuulize anaona nini. Akitaja jina la mtu, picha hiyo haitoki.

Picha za simu hubeba pia mahali zilipopigwa ikiwa kamera imeruhusiwa kusoma eneo. Zima ruhusa hiyo siku ya mafunzo, kisha safisha faili kabla ya kuzihifadhi. Kwenye kompyuta yenye ExifTool, programu ya kusoma na kufuta taarifa zilizobebwa ndani ya faili za picha, andika hivi ukiwa ndani ya folda ya picha:

```
exiftool -gps:all= -overwrite_original *.jpg
```

Inaondoa mahali na kuacha tarehe na saa, ambazo utazihitaji. Wapo wanaofuta kila kitu kwa `-all=`. Ukifanya hivyo baadhi ya picha zinaweza kulala ubavu, kwa sababu alama ya mwelekeo nayo imefutwa. Usikusanye picha kwa kundi la WhatsApp: ni kweli picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za mahali, lakini hupoteza ubora pia, na kubwa zaidi, imeshafika kwenye simu za watu 16. Tumia waya au kadi. Picha ambazo kijana hakuzichagua, yaani zile 288 katika mfano wetu, hazimo kwenye utafiti. Mrudishie, futa nakala yako, na iandike hivyo kwenye fomu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zote mbili zinaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake.

Unachambua picha au maneno?

Amua kabla ya kwenda uwandani, kwa sababu inabadilisha unachorekodi. Njia iliyo salama kwa mtu anayeanza ni kuifanya picha kichocheo: unachambua maneno kwa dhamira, na picha inaingia kwenye ripoti kuonyesha kilichokuwa kikizungumzwa. Njia ya pili inachambua picha na simulizi yake kwa pamoja, kwa hiyo kila picha iwe na namba inayosikika kwenye sauti. Sema kwa sauti "tunatazama namba saba" kila mnapobadilisha. Bila hivyo utakuwa na nukuu nzuri inayosema "hapa ndipo anaposimama yule" na hutajua hapa ni wapi. Njia ya tatu ni kusoma picha yenyewe, pembe, umbali, kilichoachwa nje. Inataka ujuzi wa picha, na kwa vijana ni rahisi kuwapakazia maana. Picha iliyoinama inaweza kuwa na falsafa, au alikuwa anakimbia konda asimwone.

Katika fotovoisi kamili vijana wenyewe wanashiriki kupanga picha kwa mada. Watandazie picha 32 sakafuni waziweke mafungu na kuyapa majina bila wewe kusema neno. Majina yao yaweke kwenye ripoti jinsi yalivyo. "Konda hatuoni" ni jina la fungu lenye maana kuliko "vikwazo vya usafiri", na kiongozi aliyesimama mbele yake hawezi kujifanya hajaelewa.

Sasa, kabla hujapeleka pendekezo kwenye kamati, piga simu. Kwa mfano wetu ungewatafuta mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, trafiki wa eneo hilo, na mtu wa LATRA, maana wao ndio wenye kusimamia daladala. Uliza kama watakuja kwa saa moja, tarehe fulani, kusikiliza wanafunzi 16. Wawili wakikubali kwa maandishi, andika fotovoisi na utenge fedha za kuchapa na ukumbi. Wasipokubali, badilisha kichwa cha sura kiwe mahojiano kwa picha pamoja na mchoro, punguza washiriki hadi kumi au kumi na wawili ili kila mmoja apate muda wake, na ufute kwenye fomu ya ridhaa sentensi inayosema picha zitawafikia viongozi.